Imeili fupi, barua kamili au nyongeza ya mkataba: utume ipi ukimhamisha mtu wa mkataba kwenda ajira ya kudumu?

Bosi ameshakwambia yule jamaa wa mkataba anachukuliwa moja kwa moja, bajeti imepita, na we ndo unatakiwa umwandikie. Sasa umekaa mbele ya kompyuta unajiuliza: nimtumie imeili ya mistari saba nimalize, niandae barua kamili yenye kichwa cha ofisi, au nichukue tu mkataba alionao niuongezee karatasi ya marekebisho? Ofisi zinatumia njia zote tatu. Zote nimeziona zikienda vizuri na zote nimeziona zikileta ugomvi, kwa hiyo sitakwambia kuna moja ya kutupa, ila zinatofautiana sana kwenye kitu kimoja ambacho waandishi wengi wa hizi ofa hukisahau: kumwambia mtu anachoacha, sio anachopata tu.

Na kama we ndo umepokea ofa unasoma hapa ujue usaini au uulize kwanza, karibu, maswali ni yaleyale, unayasoma tu kutoka upande wa pili wa meza.

Tuanze na mtu wa mfano

Bila mfano tutazunguka tu. Tuseme kuna mtu ana mkataba wa mwaka mmoja, 1 Januari hadi 31 Desemba. Ni wa pili huo, mwaka uliopita alikuwa na mwingine kama huohuo. Mshahara wake 1,000 kwa mwezi, sarafu weka unayotumia we. Juu ya hapo mkataba unasema atapata kiinua mgongo cha 15% ya mshahara, kinajikusanya kila mwezi na analipwa mkataba ukiisha. Bima ya afya hana, pensheni hana. Ana siku 8 za likizo hajazichukua.

Ofa ni hii: ajira ya kudumu kuanzia 1 Oktoba, mshahara 1,080, kiinua mgongo kinaondoka, anaingia kwenye mfuko wa pensheni ambapo yeye anakatwa 5% na mwajiri anaweka 10%, na bima ya afya yake pamoja na wategemezi.

Ukiulizwa haraka utasema ameongezwa 8%, na ni kweli, 80 juu ya 1,000 ni 8%. Lakini hebu tupige hesabu polepole, kodi tuiweke pembeni maana kila mahali ina yake. Zamani mwajiri alikuwa anamgharimia 1,000 na 150 ya kiinua mgongo, jumla 1,150 kwa mwezi. Sasa ni 1,080 na 108 ya pensheni, jumla 1,188. Nyongeza ya kweli ni 38, yani kama 3.3% tu, ukiacha bima. Teki homu yake inatoka 1,000 kwenda 1,026, kwa sababu zile 54 za pensheni zinakatwa kwake. Sasa angalia mwaka mzima: kwenye mkataba angeshika mkononi 12,000 za mishahara na 1,800 za kiinua mgongo, jumla 13,800. Kwenye ajira ya kudumu atashika 12,312. Pesa ya kushika imepungua kwa 1,488! Hazijapotea, kwenye mfuko wa pensheni kunaingia 1,944 kwa mwaka kwa jina lake, ila hizo hawezi kuzitoa Desemba akalipia ada au akamalizia nyumba.

Kwa hiyo ofa si mbaya, ina usalama zaidi, ina bima, na jumla imepanda. Lakini mtu aliyeambiwa "hongera, nyongeza ya 8%" halafu Desemba akafika bila ile 1,800 aliyoizoea atahisi ametapeliwa, hata kama hakuna aliyemdanganya. Ugomvi mwingi wa hizi ofa unatoka hapo.

Vya kupimia

Kila njia nitaipima kwa vitu vinne. Kwanza malipo: akimaliza kusoma, anaweza kujua mwenyewe mkononi atabaki na ngapi na jumla ni ngapi? Pili marupurupu: kila kimoja kimetajwa na tarehe yake ya kuanza, au vimerundikwa kwenye sentensi moja ya "pamoja na marupurupu mengine ya wafanyakazi wa kudumu"? Tatu tarehe, na hapa kuna tarehe mbili watu wanazichanganya, siku ajira ya kudumu inapoanza na siku ambayo miaka yake ya utumishi inaanza kuhesabiwa. Nne, mkataba wa zamani unaishaje, maana hauyeyuki wenyewe.

Kasi ya kutuma nimeiacha makusudi isiwe kipimo, nitaigusa kwenye nani inamfaa.

Njia ya kwanza: imeili fupi, barua inafuata

Hii ni ile ya kumwandikia mtu ujumbe mfupi wenye mambo makuu, ukimwahidi makaratasi kamili baadaye. Ofisi ndogo zinaipenda, na ofisi kubwa zinaitumia pale mtu anapokuwa ameshaanza kuitwa sehemu nyingine. Ikiandikwa vizuri inakaa hivi:

> Habari, tunapenda kukupa ajira ya kudumu kwenye nafasi uliyonayo sasa, kuanzia 1 Oktoba. Mshahara wa msingi utakuwa 1,080 kwa mwezi badala ya 1,000. Kiinua mgongo cha 15% kinakoma 30 Septemba, na cha miezi 9, yaani 1,350, utalipwa pamoja na mshahara wa Septemba. Kuanzia Oktoba utaingia kwenye pensheni: wewe utakatwa 5%, sisi tutachangia 10%. Bima ya afya yako na ya wategemezi inaanza 1 Oktoba. Utumishi wako utaendelea kuhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mkataba wako wa kwanza na hutaanza upya kipindi cha majaribio. Barua kamili utaipata kabla ya 12 Septemba. Tunaomba jibu lako kabla ya 19 Septemba.

Unaona, si fupi hivyo, na bado ni aya moja. Tatizo ni kwamba wengi hawaandiki hivi. Wanaandika "tunafurahi kukujulisha umethibitishwa kazini, mshahara mpya 1,080, hongera sana", basi.

*Malipo.* Imeili inabeba namba mbili tatu vizuri, ya nne inaanza kupotea. Hesabu niliyoipiga hapo juu, ya mkononi na jumla na mwaka mzima, ukiilazimisha ndani ya aya hakuna atakayeielewa. Unaweza kutaja mshahara, kiinua mgongo na asilimia za pensheni, lakini kuzijumlisha unamwachia yeye, na si kila mtu atajumlisha. Nguvu yake ni kwamba ni rahisi mtu kujibu "samahani, 5% ni ya msingi au ya jumla na posho?" ndani ya dakika tano. Kwenye barua rasmi watu huona aibu kuuliza, wanasaini tu.

*Marupurupu.* Ni dhaifu hapa. Bima ina mambo yake: inaanza lini, wategemezi wangapi, kama kuna muda wa kusubiri kabla ya baadhi ya huduma. Huwezi kuyaweka yote. Cha chini kabisa taja tarehe ya kuanza, maana nimeona mtu ameambiwa ana bima, akaenda hospitali wiki ya kwanza, kumbe ofisi yake inaandikisha watu wapya mara moja kwa mwezi na jina lake lilikuwa halijapelekwa.

*Tarehe.* Sawa, ila kuna mtego. Ukiweka tarehe ya kuanza bila kuweka tarehe ya kujibu, mtu anaweza kukaa na ofa hadi Oktoba imefika. Nimeweka 19 Septemba kwenye mfano kwa sababu tuseme orodha ya mishahara ya ofisi hiyo inafungwa tarehe 20 kila mwezi, na ile 1,350 inatakiwa iingie humo. Akijibu tarehe 24 haina maana ofa imekufa, ina maana kiinua mgongo kitasogea mwezi unaofuata kama malimbikizo, na hilo mwambie mapema kuliko aligundue kwenye salari slipu.

*Mkataba wa zamani.* Imeili peke yake haiufungi vizuri. Na kuna jambo la kuwa nalo makini: sehemu nyingi ujumbe wa maandishi unaotaja nafasi, mshahara na tarehe, mtu akajibu "nimekubali", unaweza kuhesabika kuwa makubaliano kamili hata kama barua haijatoka. Kwa hiyo kama bado kuna idhini haijasainiwa huko juu, usiandike "tunakupa", andika "tunakusudia kukupa, ofa rasmi itatoka baada ya idhini" na useme ni idhini ya nini. Vinginevyo umeshaifunga ofisi yako kwa imeili uliyoandika ukiwa kwenye foleni ya chakula.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye mabadiliko yake ni machache, au ambaye ukichelewa siku nne unampoteza. Pia inafaa pale ambapo mmeshaongea ana kwa ana mkamaliza maswali, na imeili ni ya kuweka tu kumbukumbu hadi barua itoke. Na barua itoke kweli, maana imeili inayokaa miezi sita bila barua inageuka kuwa mkataba wenyewe bila mtu kupanga hivyo.

Njia ya pili: barua kamili yenye jedwali la sasa na mpya

Hii ni barua ya ofa yenye kichwa cha ofisi, kurasa mbili hivi, ya kusainiwa na pande zote mbili, ambayo katikati ina jedwali linalolinganisha alichonacho na atakachopata. Barua bila jedwali ni imeili ndefu tu. Kwa mtu wetu jedwali linakaa hivi:

| Kwa mwezi, kabla ya kodi | Sasa, hadi 30 Septemba | Mpya, kuanzia 1 Oktoba |
|---|---|---|
| Mshahara wa msingi | 1,000 | 1,080 |
| Kiinua mgongo | 150, hulipwa mwisho wa mkataba | hakuna |
| Mchango wa mwajiri kwenye pensheni | hakuna | 108 |
| Makato yako ya pensheni | hakuna | 54 |
| Unabaki na | 1,000 | 1,026 |
| Jumla ya tunachokugharimia, bila bima | 1,150 | 1,188 |

*Malipo.* Hapa ndo inashinda nyenzake. Mstari wa pili wa jedwali, ule wa kiinua mgongo kuwa "hakuna", ndio mstari ambao waajiri wengi wanaogopa kuuandika kwa sababu unaonekana unaharibu furaha. Uandike. Halafu chini yake weka sentensi moja ya kawaida: kwa mwaka utashika 12,312 badala ya 13,800, na 1,944 zitakuwa kwenye pensheni kwa jina lako. Mtu akiona mapema anapanga maisha yake, wengine wataomba mshahara wa msingi uongezwe kidogo kufidia, na hayo ni mazungumzo bora kufanyika Septemba kuliko Desemba. Na usichanganye mstari wa "unabaki na" na ule wa jumla, kuna barua nimeziona zimeandika kwa herufi nzito "thamani ya ofa yako 1,188" halafu mtu akadhani ndio ataiona benki.

*Marupurupu.* Ina nafasi ya kutosha, na nafasi ndio inaleta uvivu wa kunakili sera nzima ya ofisi kwenye barua. Usifanye hivyo. Taja kila kimoja, kinaanza lini, na kama kinaweza kubadilishwa na ofisi baadaye. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu ukiandika bima ya kampuni fulani kwa kiwango fulani ndani ya barua ya ajira, siku ofisi ikitaka kubadili mtoa bima kuna watakaosema hiyo ni haki ya mkataba wao. Wanaojua huandika "bima ya afya kwa mujibu wa sera ya ofisi itakavyokuwa wakati husika, kwa sasa inakuhusu wewe na wategemezi". Ukiwa upande wa kupokea, hiyo sentensi isome mara mbili, sio mbaya ila ujue maana yake.

*Tarehe.* Barua inakupa nafasi ya kutenganisha zile tarehe mbili waziwazi: "Ajira ya kudumu inaanza 1 Oktoba. Kwa ajili ya likizo, notisi na malipo ya kuachishwa kazi, utumishi wako unahesabiwa tangu siku ya kwanza ya mkataba wako wa awali." Mtu wetu siku hiyo ana miezi 21 kazini. Ukiacha sentensi hiyo, kuna mtu wa ofisini miaka sita mbele atafungua faili, ataona barua ya ajira ya 1 Oktoba, na atahesabu kuanzia hapo. Hakutakuwa na ubaya wowote kichwani mwake, amefuata karatasi tu.

Mimi yamenikuta. Mkataba wangu uliisha mwisho wa mwezi, na barua ya kudumu ikaandikwa naanza tarehe 3, kwa sababu tarehe 1 na 2 ilikuwa wikiendi na aliyeandika aliona haina maana mtu kuanza kazi Jumamosi. Siku mbili tu! Wakati wa kuondoka ikadaiwa kulikuwa na pengo, kwa hiyo miaka ya mkataba haiungani na ya kudumu. Tulibishana wiki tatu kwa ajili ya Jumamosi na Jumapili. Tangu hapo kila barua ninayoigusa inaanza siku inayofuata ya kwisha kwa mkataba, hata ikiwa sikukuu. Ajira inaanza Jumapili, mtu anakuja kazini Jumatatu, hakuna shida yoyote.

*Mkataba wa zamani.* Barua inaweza kuufunga vizuri kwa aya moja: mkataba unakoma 30 Septemba kwa makubaliano, kiinua mgongo cha miezi 9 ambacho ni 1,350 kitalipwa, siku 8 za likizo zinahamia kwenye ajira mpya. Angalia neno "kwa makubaliano". Mikataba mingi inasema kiinua mgongo kinalipwa mtu akimaliza mkataba. Sasa mtu wetu hajamaliza, amekatishwa mwisho wa Septemba kwa kupandishwa. Ukisoma kwa macho ya mhasibu mkali anaweza kusema hakumaliza, hana haki. Ni upuuzi kumwadhibu mtu kwa kupata kazi, lakini karatasi ikinyamaza upuuzi unawezekana. Kama ofisi yako haitaki kulipa kabla ya wakati, njia safi ni kusogeza tarehe, ajira ya kudumu ianze 1 Januari na kiinua mgongo cha mwaka mzima kilipwe Desemba kama kawaida. Kwa baadhi ya watu hiyo ni bora zaidi, utawauliza.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye muundo wa malipo unabadilika, sio kiwango tu. Inachukua muda, wiki moja mpaka mbili ikizunguka kwa mhasibu na bosi na mwanasheria kama yupo, na kuna watu barua ndefu inawatisha, wanaona kama wanawekewa mitego. Kwa hao mpigie kwanza simu umweleze ndo utume.

Njia ya tatu: nyongeza ya mkataba

Hapa huandiki ofa mpya kabisa, unauchukua mkataba uliopo na kubadili vifungu vichache. Karatasi moja: kifungu cha muda kinafutwa na mahali pake panasomeka "ajira hii haina ukomo wa muda kuanzia 1 Oktoba", kifungu cha malipo kinabadilishwa kuwa 1,080, kifungu cha kiinua mgongo kinafutwa kuanzia tarehe hiyo, kinaongezwa kifungu cha pensheni na bima. Mwisho unaandika vifungu vingine vyote vinabaki kama vilivyo.

*Malipo.* Inataja kilichobadilika kwa usahihi mkubwa, lakini haisomeki. "Kifungu cha 5(b) kinafutwa" haimwambii mtu kwamba ametoka kupoteza 150 kwa mwezi, lazima akatafute mkataba wake wa zamani alipouweka, afungue 5(b), ndo aelewe. Ukitumia njia hii ambatanisha lile jedwali, hata kama sio sehemu ya kusainiwa. Jedwali halina gharama.

*Marupurupu.* Inafanya kazi kama ni mawili matatu. Yakizidi, karatasi inakuwa ndefu kuliko mkataba wenyewe na bora ungeandika barua.

*Tarehe.* Hapa ndo ubora wake. Kwa kuwa mkataba ni uleule unaendelea, hakuna pengo, hakuna ubishi kwamba mwendelezo wa utumishi upo, na kipindi cha majaribio hakirudi. Bado nashauri uandike mstari mmoja kwa sababu mtu wetu ana mikataba miwili, na nyongeza inagusa wa pili tu. Ule wa mwaka uliopita utabaki nje usipoutaja.

*Mkataba wa zamani.* Haufi, na hilo ni jema na ni hatari kwa wakati mmoja. Sentensi ya "vingine vyote vinabaki kama vilivyo" inabeba kila kitu ulichosahau. Mikataba ya muda ina vifungu vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu wa muda: notisi ya siku 7, kutokuwa na malipo ya kuachishwa, au kile cha miradi kinachosema mkataba utakoma fedha za mradi zikiisha. Umemwita mfanyakazi wa kudumu, umemwandikia hana ukomo, halafu kwenye ukurasa wa nne bado kuna kifungu kinachosema akiondoka mfadhili na yeye anaondoka. Kudumu gani huko? Kwa hiyo kabla ya kuandika nyongeza usome mkataba wote mstari kwa mstari, na kila kifungu ujiulize, huyu akiwa wa kudumu hiki bado kina maana? Ukikuta vifungu zaidi ya vitano sita vya kubadili, acha, andika barua.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye tayari yuko kwenye orodha yako ya mishahara, mwajiri ni yuleyule, kazi ni ileile na kinachobadilika hasa ni ukomo wa muda. Haimfai kabisa mtu anayelipwa kwa ankara wala aliyeletwa na wakala. Hao hawana mkataba wa ajira na ofisi yako, huna cha kuongezea nyongeza.

Kwa hiyo uchague vipi

Kama mtu wako anafanana na huyu wa mfano, ana kiinua mgongo kinachoondoka na pensheni inayoingia, nenda na barua yenye jedwali. Ukiwa na haraka tuma imeili leo ile niliyoandika juu, barua iende ndani ya wiki, na hakikisha namba za imeili na za barua zinafanana mpaka nukta ya mwisho, kwa sababu zikitofautiana mtu atashikilia ile iliyo kubwa, na mimi ningefanya hivyohivyo.

Kama mkataba wake hauna kiinua mgongo, tayari ana bima kama wenzake, na anachopata ni kutolewa tarehe ya mwisho pamoja na nyongeza ya mshahara, nyongeza ya mkataba inatosha na barua itakuwa kuua sisimizi kwa rungu. Soma tu ule mkataba wote kwanza.

Kama analipwa kwa ankara, jiandae na mshtuko mwingine, kwa sababu mara nyingi mshahara unaompa utakuwa mdogo kuliko ankara yake. Kwenye ankara alikuwa anajilipia kodi, bima na siku asizofanya kazi, sasa kodi utaikata we kwenye mshahara wake, na hivyo vingine vinahamia kwako. Imeili fupi yenye namba ndogo kuliko aliyoizoea itasomeka kama tusi. Barua hapa haiepukiki, na jedwali liwe na mstari wa siku za likizo zenye malipo ambazo zamani alikuwa hapati kitu. Ankara yake ya mwisho nayo itajwe italipwa lini, isije ikasahaulika kwa kuwa "huyu ameshakuwa wetu".

Kama ameletwa na wakala, usitume chochote chenye tarehe kabla hujasoma makubaliano ya ofisi yako na wakala. Mara nyingi kuna ada ya kumchukua mtu au kipindi ambacho lazima kipite, na tarehe ya kuanza inategemea hapo. Mwambie kwa mdomo kwamba mnamtaka, ila maandishi yasubiri. Na muulize anadai nini kwa wakala, likizo au malimbikizo, maana hivyo havihami na yeye mpaka mkubaliane.

Kama bajeti bado haijapita sawasawa, tumia imeili ya kusudio tu, ile yenye neno "tunakusudia", na mwongezee mkataba wake wa sasa mwezi mmoja au miwili ili usiishe katikati ya kusubiri. Mtu akifanya kazi wiki mbili bila karatasi yoyote, huwezi kujua yuko chini ya masharti yapi, yeye mwenyewe hajui, na mhasibu atamlipa kwa kubahatisha.

Na kama we ndo uliyepokea, na ofa imeandikwa kwa njia yoyote kati ya hizi, kabla ya kusaini rudisha imeili moja tu yenye maswali haya: mkononi nitabaki na ngapi, kile nilichokuwa nakusanya kitalipwa lini, bima inaanza tarehe gani hasa, na miaka yangu inahesabiwa tangu lini. Jibu likija kwa simu, andika ulichosikia na ukirudishe kwao kwa imeili, "kama nilivyoelewa kwenye maongezi yetu ya leo", halafu uihifadhi mahali ambapo hata ukiondoka ofisini utaipata.